Kabla Hujalipia Signali, Fungua Daftari

Mpwa wangu aliyeko Mwanza alinitumia picha usiku, na chini yake maneno machache: "Shikamoo mjomba. Naomba unikopeshe laki na nusu, niingie VIP. Angalia mwenyewe." Niliangalia. Picha ilikuwa na rangi ya dhahabu na maandishi makubwa: signali 30 kwa mwezi, ushindi 26, hasara 4, pips zaidi ya 2,000. Nikamjibu kwamba pesa ninayo, lakini sitampa mpaka aniletee daftari. Akauliza daftari gani. Swali hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika, kwa sababu najua si yeye peke yake anayeuliza.

Ndugu zangu mnaofanya biashara ya dhahabu na sarafu kwa simu zenu, nisikilizeni. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nami nimeishuhudia kauli hiyo ikitimia mfukoni mwangu. Nililipia chaneli moja miezi mitatu mfululizo, nikafuata kila walichotuma, na akaunti yangu ikaisha huku mabango yao ya ushindi yakizidi kupendeza. Mwezi wa tatu ulipokwisha sikuwa na hata karatasi moja ya kunionyesha nilipopotelea. Nilichokuwa nacho ni picha zao. Nawasihi, picha ya aliyekuuzia si ushahidi. Muuzaji akikuhesabia fedha huku umefumba macho, hujahesabiwa.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu afanye hivi. Rafiki yake alikuwa tayari amelipia chaneli ile. Kwa mwezi mzima, wasiweke hata senti moja sokoni. Kazi yao iwe moja tu, kunakili. Kila signali inapoingia, hapohapo iandikwe kwenye daftari la kawaida la shule: tarehe, saa na dakika, kununua au kuuza, bei ya kuingia, SL, TP zote, na bei iliyokuwa sokoni dakika ileile. Kama chaneli inaruhusu, ujumbe usambazwe papo hapo kwenda Saved Messages. Nakala iliyosambazwa Telegram hubaki kama ilivyokuwa, hata mwenye chaneli akiubadilisha au kuufuta ule wa kwanza. Chaneli ile ilikuwa imefunga usambazaji, hivyo rafiki alikuwa anapiga picha skrini kwa simu ya pili. Ni kazi ya kuchosha, ndiyo. Lakini ada ya mwezi mmoja inayokupatia ushahidi ni nafuu kuliko ada ya miezi sita inayokupatia matumaini.

Kwa nini nasisitiza papo hapo? Kwa sababu kwenye chaneli ya Telegram mwenye nayo ana kalamu na kifutio. Ujumbe akiufuta, unatoweka kwenye simu za wote bila kuacha kaburi. Akiuhariri, panabaki neno dogo "edited" pembeni ya saa, na nani hulisoma? Chaneli ikiwa ya wazi kuna alama moja zaidi ya kukusaidia. Kila ujumbe una namba yake mwishoni mwa kiungo, na namba hizo hupanda kwa mfuatano. Ukiona 812, 813, kisha 817, uliza zile tatu zimekwenda wapi. Usihukumu haraka, maana picha zilizotumwa kwa pamoja na matangazo ya kubandika ujumbe nayo hula namba. Lakini mapengo yakirudi kila baada ya siku mbaya ya soko, mwenye macho haambiwi tazama.

Sasa mwezi umekwisha na daftari limejaa. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, nami nakuomba usikate, kwa kuwa ukweli wote umelala kwenye kazi hii ya jioni mbili au tatu. Fungua MT5, weka chati ya XAUUSD kwenye M1, yaani kila mshumaa ni dakika moja. Usitumie chati ya saa nzima. Mshumaa wa saa moja unaweza kuwa umegusa SL na TP vyote viwili, na hutajua kipi kilitangulia. Mwenye chaneli atakuambia TP ilitangulia. Mshumaa wa dakika ndio utakaosema. Na ikitokea hata ndani ya dakika moja vyote vimeguswa, andika hasara. Ukijipendelea kwenye daftari lako, soko halitakupendelea.

Anza na kuingia. Swali la kwanza si kama signali ilishinda. Swali la kwanza ni kama wewe, binadamu uliyekuwa dukani au kwenye daladala, ungeweza kuingia kwa bei iliyoandikwa. Ujumbe unasema nunua 2640, lakini wakati unaingia kwenye simu bei iko 2643 tayari, na TP1 ndiyo hiyo 2643. Hapo umeuziwa basi lililokwisha kuondoka kituoni. Kipo pia kile wanachokiita zoni: "nunua kati ya 2640 na 2634." Bei ikishuka mpaka 2634 halafu ikapanda, watahesabu faida kuanzia 2634. Ikianguka moja kwa moja, watahesabu hasara kuanzia hukohuko 2634, ionekane ndogo. Wewe weka sheria moja kabla hujaanza kuhesabu: bei ya kuingia ni ile iliyokuwepo dakika moja baada ya ujumbe kufika. Sheria hiyo usiibadilishe hata signali moja ikikuuma.

Kuna oda za kusubiri nazo. Katika daftari la mpwa wangu kulikuwa na BUY LIMIT ya 2631, iliyotumwa bei ikiwa 2634. Soko lilishuka hadi 2631.60, likageuka, likapanda hadi 2640. Jioni chaneli ikatangaza ushindi. Ushindi wa nani? Bei haikufika 2631, oda haikufunguka kwa mtu yeyote aliyeiweka kama ilivyoandikwa. Signali za namna hiyo zilikuwa 3 katika mwezi ule, na ulipoisha chaneli ikatoa bango lenye hesabu zilezile za lile la kwanza, zote 3 zikiwa miongoni mwa zile 26.

Baada ya kuingia, nenda kwenye SL. Niruhusu nikae hapa, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa wakiwa macho.

Signali moja ya mwezi ule ilikuwa hivi, kama ilivyo kwenye picha ya simu ya pili:

```
SELL XAUUSD 2652
SL 2660
TP1 2649
TP2 2646
TP3 2640
```

Iliingia 16:28 kwa saa ya simu, yaani saa kumi na dakika ishirini na nane alasiri. Bei ilikuwa 2652.10, kuingia kulikuwa kwa haki kabisa. Dakika mbili baadaye zikatoka takwimu za mfumuko wa bei za Marekani. Hizo hutangazwa saa mbili na nusu asubuhi ya New York, ambayo majira ya baridi kwao ni 16:30 kwetu. Mshumaa wa 16:30 ulishuka kidogo tu hadi 2651.50, TP1 haikuguswa, kisha ukaruka hadi 2661.40. SL ya 2660 imevunjwa. Aliyefuata signali ile alitoka na hasara ya dola 8 kwa kila wakia. Soko likatulia, likaanza kuteremka, na kufika 17:15 lilikuwa limegusa 2646. Saa 17:20 chaneli ikapiga kelele: "TP2 imeliwa, pips 60 hizo!" Mpwa wangu akarudi juu kuusoma ujumbe wa mwanzo. SL ilisomeka 2665. Pembeni ya saa palikuwa na lile neno dogo, "edited".

Mtu aliyelipa ada yake akafuata maelekezo kwa utii alikatwa dola 8. Halafu akaambiwa hadharani kwamba wenzake wote wamefurahi, ajione mzembe peke yake. Hili linaniumiza kuliko hasara yenyewe. Nimewahi kuwa mtu huyo. Nilidhani mkono wangu mzito, broka wangu mbaya, intaneti yangu dhaifu. Kumbe namba ilibadilishwa nilipokuwa nimeinamisha kichwa.

Angalizo la saa, kwa sababu nami liliniangusha. Mara ya kwanza nilipoikagua signali ile nilitazama mshumaa wa 16:30 kwenye MT5, nikaona soko limetulia tuli, nikaanza kuitetea chaneli. Saa inayoonekana kwenye MT5 ni ya seva ya broka, si ya ukutani kwako. Mabroka wengi huendesha seva zao kwa majira ya GMT+2 kipindi cha baridi na GMT+3 kipindi cha joto. Sisi Afrika Mashariki tuko GMT+3 mwaka mzima. Kwa hiyo kuanzia Novemba hadi Machi, 16:30 ya simu yako ni 15:30 kwenye chati, na ukikosa kulijua hilo utakagua dakika ambayo si yake na kumsafisha mwenye hatia, au kumtia hatiani asiye nayo. Hakiki kwanza kwa kulinganisha saa ya simu na saa ya mshumaa unaocheza sasa hivi, ndipo urudi nyuma.

Na jambo jingine linalofichika. Mishumaa ya MT5 kwa kawaida huchorwa kwa bei ya Bid. Ukiwa umeuza, SL yako hupigwa na bei ya Ask, ambayo iko juu zaidi kwa kiasi cha spredi. Kwenye dhahabu spredi inaweza kuwa senti 30 siku tulivu, na dakika ya habari kubwa ikatanuka hadi dola nzima au zaidi. Chati ikionyesha kilele cha 2659.70 na SL ilikuwa 2660, mwenye chaneli atakuzungushia duara jekundu kuonyesha haikuguswa. Ongeza spredi. Imeguswa. Kila signali ya kuuza iliyonusurika kwa senti chache, iandikie hasara mpaka uthibitishe vinginevyo.

Twende kwenye jumla sasa, tuone bango lile limebaki na nini.

Bango lilisema signali 30. Daftari lina 35. Zile 5 zilizozidi zote zilipigwa SL, na zote zilifutwa kwenye chaneli kabla mwezi haujaisha. Katika ushindi 26 uliotangazwa toa 3 ambazo hazikufunguka kamwe, na toa ile 1 ya SL iliyohaririwa. Unabaki na 22. Upande wa hasara chukua zile 4 walizokiri wenyewe, ongeza 5 zilizofutwa, ongeza 1 iliyohaririwa. Ni 10. Kwa hiyo biashara zilizofanyika kweli ni 32, zilizoshinda 22, zilizoshindwa 10.

Najua utakachosema. Mpwa wangu alikisema: "Lakini mjomba, 22 kwa 10 si mbaya. Hiyo ni karibu asilimia 69." Ndugu yangu, hapa nakushika mkono, usinitoke. Acha kuhesabu mara ngapi wameshinda, hesabu wameshinda kiasi gani. Chaneli ile iliita ushindi kila TP1 inapoguswa, na TP1 ilikuwa dola 3 kutoka bei ya kuingia. SL ilikuwa dola 8. Loti 0.01 ya dhahabu ni wakia moja, kwa hiyo soko likisogea dola moja, akaunti yako nayo inasogea dola moja. Ushindi 22 mara dola 3 ni dola 66. Hasara 10 mara dola 8 ni dola 80. Umepoteza dola 14 kabla hujalipa spredi. Spredi ya senti 30 kwa biashara 32 ni dola 9.60. Sasa uko chini dola 23.60, kwa loti ndogo kuliko zote, na ada ya VIP bado haijaguswa.

Kwa mpangilio wa 8 kwa 3, unahitaji kushinda mara 8 katika kila biashara 11 ili tu usipate wala usikose, maana 8 mara 3 ni 24, na 3 mara 8 ni 24. Hiyo ni karibu asilimia 73. Chaneli inaweza kushinda 7 katika kila 10 kwa miaka yote na bado ikakumaliza taratibu. Ndiyo sababu wanapenda kukutajia asilimia, na hawapendi kukutajia umbali wa SL. Muulize yeyote anayekuuzia: SL yenu ni dola ngapi, na mnatangaza ushindi bei ikisogea dola ngapi? Akianza kuzungumzia TP3, mwambie akuonyeshe ni mara ngapi TP3 ilifikwa bila SL kuguswa kwanza.

Na pips, tafadhali, kwenye dhahabu zitupe nje ya daftari. Mmoja huita senti 10 pip moja, mwingine huita senti 1 pip moja. Mwendo uleule wa dola 6 kwa huyu ni pips 60, kwa yule ni pips 600. Andika dola kwa wakia, hutadanganyika.

Watakapoona umekuja na daftari, watakutolea historia ya akaunti. Ipokee kwa heshima, kisha iombe iwe hai. MT4 na MT5 zina nywila ya mwekezaji, inayokuruhusu kuona kila kitu bila uwezo wa kufungua wala kufunga chochote. Mwenye rekodi ya kweli hapotezi kitu akikupa. Akikuletea ukurasa wa Myfxbook, tazama kama akaunti ni halisi au ya demo, na kama alama mbili za uthibitisho zipo, ya rekodi na ya mamlaka ya kuendesha akaunti hiyo. Halafu linganisha biashara zilizomo na signali za kwenye daftari lako, saa kwa saa. Akaunti inaweza kuwa ya kweli kabisa na isiwe na uhusiano wowote na kinachotumwa kwako.

Ukishaiona, usiridhike na mstari wa Balance unaopanda kama ngazi. Tafuta Equity. Balance huhesabu biashara zilizofungwa tu. Mtu anaweza kufunga zinazoshinda na kuziacha zinazoshindwa wazi wiki nzima bila SL, Balance ikasoma dola 1,000 na Equity dola 400. Zile dola 600 za katikati ni hasara ambayo bado hajaitangaza. Mistari miwili ikitengana mara kwa mara, na loti zikiongezeka kila inapotengana, akaunti hiyo inasubiri siku moja tu ya kuungua, na siku hiyo wewe utakuwa umeshanakili loti zake.

Kama wamekulazimisha kufungua akaunti kupitia kiungo chao, jua pia kwamba mara nyingi broka huwalipa kwa kila loti unayofanya, ushinde ushindwe. Signali nyingi kwa siku ni mapato kwao. Leseni ya broka, hata iwe ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya ambayo kanuni zake za biashara ya sarafu mtandaoni ni za mwaka 2017, haimdhamini mwenye chaneli. Na Ulaya, mdhibiti wao ESMA alipozikaza sheria mwaka 2018, alieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwenye bidhaa hizi hupoteza fedha. Uzito wa kuthibitisha uko kwa anayesema yeye hayumo humo.

Ni haki kusema pia kwamba mwezi mmoja hautoshi kuisifu chaneli. Unatosha kuikataa, kwa sababu SL moja iliyohaririwa haihitaji takwimu. Lakini ikipita safi, bila kufuta wala kuhariri, biashara 32 bado zinaweza kuwa bahati, kama sarafu inavyoweza kuangukia upande mmoja mara nyingi mfululizo. Mimi sianzi kuamini chini ya biashara 100 zilizopita kwenye soko lenye sura tofauti, lililopanda, lililoshuka na lililolala.

Mpwa wangu alilipiga picha daftari lake kurasa zote, akanitumia. Hati mbaya, wino wa buluu na mwekundu, na kwenye ukurasa wa mwisho "-23.60" imezungushiwa duara mara mbili. Hakutaja tena ile laki na nusu. Juzi alinipigia simu: wamepata chaneli nyingine, yeye na rafiki yake, inayotoa majaribio ya wiki mbili bure. Kabla sijauliza akaniambia wamenunua daftari jipya, na kwamba signali ya kwanza imeingia 10:14, chati ya seva inasoma 9:14, SL dola 5, TP1 dola 5. "Bado iko wazi, mjomba," alisema. "Tunaisubiri."